Mdomo Haufuati Maneno: Kutafuta Kasoro Kwenye Mistari ya Klipu za Akili Mnemba

Klipu ya mazungumzo ikiharibika, wengi wetu hukimbilia kitufe cha kutengeneza upya. Krediti zinakwenda, klipu inarudi na kasoro ileile, mwishowe lawama zote inabebeshwa modeli. Kabla ya kubonyeza tena, rudi kwenye ulichoandika. Mara nyingi tatizo linaloonekana mdomoni limeanzia kwenye mstari wenyewe: ni mrefu kupita muda wa klipu, haujulikani ni wa nani, au hisia imewekwa pasipo pake.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Unatengeneza kichekesho kifupi cha daladala inayotoka Tegeta kwenda Mwenge. Mama mmoja anadai chenji, konda anamzungusha. Klipu ni ya sekunde 8, urefu ambao Veo 3, modeli ya video ya Google, ilianza nao ilipotoka mwaka 2025. Promti ya kwanza, yaani maelekezo unayoiandikia modeli, imeandikwa hivi:

```
Konda na mama wanagombana kuhusu chenji ndani ya daladala.
Anamwambia kwa hasira: "Nilikupa shilingi 5,000 tangu Tegeta na
mpaka sasa hujanirudishia chenji yangu." Anamjibu: "Subiri kwanza
mama, abiria wengine hawajalipa, nitakurudishia tukifika Mwenge."
```

Kwa msomaji haina shida, kila mtu wa Dar anaielewa. Ikishakuwa klipu, konda ndiye anayedai chenji, mama anapiga kelele kama yuko mnadani, tarakimu inasomwa kwa Kiingereza, na neno la mwisho linakatwa katikati. Chini ya picha kuna maandishi meupe ya lugha isiyojulikana.

Usianze kurekebisha kabla hujaitazama mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti uangalie midomo tu: nani anafungua mdomo, lini anaufunga, na je, anayesikiliza naye anatafuna hewa? Mara ya pili funika picha usikilize: maneno yamekamilika, sauti ni mbili au moja, lafudhi ni ya wapi? Kasoro inayoonekana bila sauti kwa kawaida inatokana na namna ulivyowapanga wasemaji. Inayosikika bila picha inatokana na urefu, tahajia au lugha. Ukizichanganya utarekebisha kisichoharibika.

## Dalili: maneno yanakimbia, au mwisho umekatwa

Hapa tukae kidogo, maana ndiyo kasoro ya kwanza kwa wanaoandika Kiswahili. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni unahesabu maneno, na umetolewa na watu wanaoandika Kiingereza. Kwetu hesabu hiyo haisaidii. "Hujanirudishia" ni neno moja, lakini mdomo unalifanyia kazi mara saba: hu-ja-ni-ru-di-shi-a. Maneno matano ya namna hiyo yanamaliza klipu nzima.

Hesabu silabi. Njia ya haraka ni kuhesabu irabu, kisha kuongeza moja kila unapokutana na "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama kwenye "mtu", "mke" au "mpaka". "Mtu" lina irabu moja, lakini ni silabi mbili. "Mwenge" linabaki na mbili, kwa sababu "mw" inashikana na irabu yake.

Sasa pima mfano wetu. Mstari wa mama, tarakimu ikitamkwa "elfu tano", una silabi 33. Wa konda una 32. Jumla 65 ndani ya sekunde 8, yaani zaidi ya nane kila sekunde, bila mtu kuvuta pumzi wala kumtazama mwenzake. Modeli ikipewa mzigo huo ina njia mbili: kukimbiza maneno mpaka midomo ipoteane nayo, au kuyatupa yaliyobaki. Mara nyingi inafanya yote mawili.

Kipimo ninachotumia ni silabi nne hadi tano kwa sekunde, na sekunde kama mbili naziacha wazi kwa ajili ya kuanza, kupokezana na kumalizia. Klipu ya sekunde 8 kwa hiyo inabeba silabi 24 hadi 30, za wasemaji wote kwa pamoja. Anayeongea taratibu, mzee au mtu mwenye huzuni, mpunguzie zaidi.

Kukata mstari si kufuta maneno ya mwisho. Jiulize picha inasema nini tayari. Mama ananyoosha kiganja, kwa hiyo "nilikupa elfu tano" haina kazi. Basi limejaa, kwa hiyo habari ya abiria wengine tunaiona. Kinachobaki ni hiki:

Bi Mwanaidi: Chenji yangu iko wapi? Silabi nane.

Konda: Subiri mama, tukifika Mwenge. Silabi 11.

Bi Mwanaidi: Kwani Mwenge ni benki? Silabi saba.

Jumla 26. Tumepata hata nafasi ya jibu la pili, ambalo ndilo linalochekesha. Angalia pia kwamba "mama" halikukatwa ingawa linakula silabi mbili. Konda akisema "Subiri" kavu mbele ya mwanamke wa umri ule amekuwa mtu mwingine, mkorofi kweli, na watazamaji watashangaa kwa nini abiria wengine hawajamgeukia.

Kosa la upande wa pili lipo. Ukiipa klipu ya sekunde 8 mstari mmoja wa silabi mbili, "Shusha hapa" ukaufanya "Shusha!" pekee tuseme, modeli inaweza kuvuta neno kama mpira au kujaza muda uliobaki kwa maneno yasiyo na maana. Punguza urefu wa klipu kama zana inaruhusu, au mpe msemaji kazi ya kufanya kabla ya kusema: agonge bati la basi mara mbili, achungulie nje, ndipo aseme.

## Dalili: mstari umetoka kwenye mdomo usio wake

Tazama ile promti ya kwanza: "Anamwambia", "Anamjibu". Kiswahili kinabeba mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, na sisi tunaelewa kwa sababu tunajua nani huwa anadai chenji kwenye daladala. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume, wala hakisemi yupi kati ya waliotajwa. Modeli inakisia, na mara nyingine inampa mstari aliyetajwa kwanza, ambaye hapa ni konda.

Dawa ni kumpa kila msemaji jina moja na kulirudia lilelile. Ukianza na "Bi Mwanaidi", usimwite "yule mama" mstari wa tatu na "abiria" mstari wa tano. Sisi waandishi tulifundishwa shuleni kuepuka kurudia neno. Kwenye promti tabia hiyo inakuponza, kwa sababu majina matatu yanaweza kuwa watu watatu.

Jina pekee halitoshi, kwa kuwa modeli haimjui Mwanaidi. Lifunge kwenye kitu kinachoonekana na mahali alipo: khanga ya manjano, dirishani, upande wa kushoto. Konda: kijana, shati la bluu, mlangoni, kulia. Wasemaji wakifanana sana, kama vijana wawili wenye fulana nyeupe kijiweni, badilisha nguo ya mmoja kabla ya kuhangaika na mistari.

Kisha tia kitendo kabla ya kila mstari. Konda anahesabu noti, ndipo anasema. Kitendo kinaielekeza modeli kwenye mwili unaotakiwa, na papo hapo kinatenga zamu moja na nyingine. Asiyesema naye mwandikie cha kufanya: amefunga mdomo, anainua nyusi, anatazama barabarani. Msikilizaji aliyeachwa bila kazi ndiye anayeanza kuchezesha midomo kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

Mwongozo wa Sora 2, modeli ya video ya OpenAI, ulishauri mazungumzo yawekwe kwenye kifungu chake, chini ya maelezo ya picha, kila mstari ukiwa na jina la msemaji. Mpangilio huo unafaa hata kwenye zana nyingine. Promti yetu sasa inasomeka hivi:

```
Ndani ya daladala iliyojaa, mchana. Kamera imetulia, nyuso mbili zinaonekana.
BI MWANAIDI: mwanamke wa miaka 60, khanga ya manjano, amekaa dirishani kushoto.
KONDA: kijana, shati la bluu, amesimama mlangoni kulia.

Bi Mwanaidi ananyoosha kiganja. Konda amefunga mdomo.
BI MWANAIDI (sauti ya chini, kavu): Chenji yangu iko wapi?
Konda anahesabu noti bila kumtazama. Bi Mwanaidi amefunga mdomo.
KONDA (haraka, sauti nyepesi): Subiri mama, tukifika Mwenge.
Bi Mwanaidi anainua nyusi. Konda amefunga mdomo.
BI MWANAIDI (taratibu, sauti kavu): Kwani Mwenge ni benki?

Lugha ya wasemaji: Kiswahili cha Tanzania. Hakuna maandishi kwenye picha.
```

Kama zana yako haielewi vizuri maelezo ya Kiswahili, andika maelezo ya picha na ya sauti kwa Kiingereza, lakini mistari yenyewe iache kwa Kiswahili. Majina yabaki yaleyale herufi kwa herufi.

Ukishafanya yote hayo na bado wanabadilishana midomo, acha kupigana. Igawe klipu: uso wa Bi Mwanaidi peke yake na mstari wake, kisha uso wa Konda na wake, uziunganishe kwenye programu ya kuhariri. Uso ukiwa mmoja, hakuna wa kunyang'anywa mstari. Kwa mazungumzo ya watu watatu kwenda juu mimi ningeanza moja kwa moja na njia hiyo.

## Dalili: maneno sahihi, hisia si yenyewe

"Kwa hasira" ni maelekezo mapana mno, na modeli ikiyapata inapandisha sauti na kutoa macho. Mama wa Kitanzania mwenye hasira ya kweli juu ya chenji yake mara nyingi anashusha sauti. Kwa hiyo usitaje hisia, eleza sauti inavyosikika na mwili unavyofanya: sauti ya chini, kavu, meno yamekaza, hapepesi macho. Sifa mbili kwa mstari zinatosha. Ukiandika "kwa hasira, huzuni, kejeli na matumaini" utapata uso usio na chochote.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanalisahau. Kwenye Kiswahili sehemu kubwa ya hisia imo ndani ya maneno, haihitaji mabano. Linganisha namna konda anavyoweza kumwomba abiria avute subira. "Subiri mama" ni la kawaida. "Tulia mama" lina dharau ndani yake hata likisemwa kwa upole. "Samahani mama, subiri kidogo" ni la konda mwenye aibu. Hali kadhalika "Mwenge si benki" ni taarifa, ila "Kwani Mwenge ni benki?" ni kejeli tayari, hata msomaji wa redio akilisoma. "Eti", "kwani", "jamani", "basi" na "bwana" zinafanya kazi ambayo maelekezo ya sauti huenda yakashindwa. Silabi mbili za "kwani" ni bei rahisi.

Jihadhari mabano na neno visigongane. Ukiandika (kwa unyenyekevu) kisha mstari ukawa "Tulia mama", modeli itavuta huku na huku na sauti itatoka ya ajabu. Badilisha neno, si mabano.

Ikitokea msemaji anatamka maelekezo yenyewe, unasikia "sauti ya chini, kavu, chenji yangu iko wapi", maana yake umeyaweka mahali pa maneno ya kusemwa. Yanakaa kabla ya nukta mbili, pamoja na jina. Baada ya nukta mbili kaa na kile tu kinachotakiwa kutoka mdomoni. Zana ikiwa bado inayasoma, yatoe kabisa kwenye mstari huo na uyahamishie kwenye sentensi ya kitendo iliyo juu yake: "Bi Mwanaidi ananyoosha kiganja na kusema kwa sauti ya chini, kavu."

## Dalili: lafudhi ya kigeni, tarakimu za Kiingereza

Tarakimu ziandike kwa maneno: "elfu tano", si 5,000, "saa mbili", si 2:00. Vifupisho pia vifungue. "Sh", "DSM" na vya aina hiyo vinamfanya msemaji ababaike au ahamie lugha nyingine, na akishahama huenda asirudi mpaka klipu iishe.

Lugha itaje wazi, kama tulivyofanya mwishoni mwa promti. Mstari mfupi wenye maneno matatu hauipi modeli dalili za kutosha kujua ni lugha gani. Sauti zinazoteleza zaidi ni "ng'", "dh" na "gh". Ukiona "ng'ombe" inatoka na "g" nzito katikati, tafuta neno jingine kabla ya kuanza kubuni tahajia za ajabu. Tahajia ya kubuni inaweza kurekebisha neno moja ikaharibu mstari uliobaki.

## Dalili: maandishi yamejitokeza chini ya picha

Alama za kunukuu zinaweza kuchangia. Ziondoe, tumia jina na nukta mbili kama kwenye promti ya pili. Ongeza sentensi ya kukataza maandishi. Kwenye maelezo ya Kiingereza watu huandika `no subtitles`. Yakikataa kutoka, punguza kimo cha picha kwenye kuhariri uyakate, ni haraka kuliko kutengeneza upya klipu ambayo kila kitu kingine kiko sawa.

## Dalili: kila kitu sawa, lakini mdomo bado unapishana

Hapa ndipo unapopima ulinganifu wenyewe. Punguza mwendo hadi robo na utafute sauti zinazofunga midomo: m, b na p. Hizo ndizo macho ya mtazamaji yanazikamata. Kwenye "Subiri mama, tukifika Mwenge" midomo lazima ikutane kwenye "b", kwenye "m" zote mbili za "mama", na kwenye "Mw". Katikati, kwenye "f" ya "tukifika", meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Ukikuta midomo iko wazi kwenye "mama", hakuna mtazamaji atakayeamini kuwa konda amesema neno hilo, hata kama sauti ni safi.

Mstari wa kwanza, "Chenji yangu iko wapi?", una kufunga mara moja tu, kwenye "p". Ndiyo maana unaonekana kukaa vizuri hata pale modeli inapokosea kidogo. Hii ni hila unayoweza kuitumia: kwenye uso uliosogezwa karibu sana andika mistari yenye m, b na p chache, na ile yenye "mama", "baba" na "pombe" iweke kwenye picha ya mbali au msemaji akiwa ameinamisha kichwa.

Kama midomo yote inachelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, tatizo si mstari. Tenganisha sauti na picha kwenye programu ya kuhariri na usogeze sauti kidogo kidogo mpaka "b" ikutane na midomo. Kama inaanza sawa na kupotea kadiri inavyokwenda, rudi kwenye silabi, mstari bado ni mrefu.

Unaporudia, badilisha kitu kimoja tu. Zana ikikuonyesha `seed`, yaani namba ambayo modeli inaanzia kutengeneza klipu, iache ileile ili picha isibadilike sana huku ukijaribu mstari mpya. Ukibadilisha jina, nguo, hisia na urefu kwa mpigo, klipu ikitoka nzuri hutajua kilichoitengeneza.

Na zipo zana ambazo hazitoi Kiswahili cha kueleweka hata uandike vipi. Utazijua kwa jaribio dogo: uso mmoja, mstari mmoja wa silabi nane, hakuna hisia. Likitoka vibaya hilo, usiongeze maelezo. Rekodi sauti mwenyewe au mtafute mtu mwenye lafudhi unayoitaka, kila msemaji kwenye faili lake, chumba kisicho na feni wala honi za bajaji dirishani, kisha tumia zana inayochezesha midomo kwa kufuata sauti uliyoipakia. Hapo hesabu ya silabi haikubani tena, kwa kuwa muda umeshapimwa na aliyesema. Kinachobaki kwenye promti ni nani yuko kwenye picha, na kwamba wengine wamefunga midomo.